Tablo ya bei na wingi: namna tulipanga bei ya bloke pa Lubumbashi

Mimi niko kontable, nafanyia hesabu watu wa biashara ndogo pa Lubumbashi, wengi wao hawana biro wala sekretere, wako na kaye ya mauzo, fakture za simenti ndani ya sakoshi na simu yenye WhatsApp. Leo nataka kueleza kitu kimoja tu, ile tablo ya mu Excel inayoonyesha faida inageuka namna gani bei na wingi wa mauzo vikibadilika pamoja kwa mara moja. Nimeitumia kwa kazi nyingi lakini iliyonifundisha zaidi ni kazi ya mama moja mwenye kutengeneza bloke za simenti upande wa Ruashi, juu pale tablo ilitusaidia, halafu ikataka kutudanganya, halafu tukaijua vizuri.

Shida yake ilikuwa hii. Alikuwa anauza bloke moja dola 0,80, kwa mwezi wa kawaida wa kipwa anauza bloke 8 000. Jirani mwingine akafungua parseli ya bloke si mbali, akaanza kuuza 0,75. Mama akaniambia, "Mwana yangu, na mimi nitashusha, senti tano si kitu, nitauza mingi, mpaka 10 000, njo faida itapatikana mu wingi." Watu wengi wanafikiri hivyo na si wajinga, maana ukiangalia ile bloke moja kweli senti tano inaonekana ndogo sana. Nikamwambia, mama, sawa, lakini kwanza tuweke mambo yote mu tablo, tuone hiyo 10 000 inaleta nini.

Kabla ya tablo yenyewe kuna kazi ambayo watu wanaruka, nayo ni kutenganisha gharama. Tulikaa na fakture zake, tukauliza kila gharama swali moja: nikitengeneza bloke moja zaidi, wewe unaongezeka ao unabaki pale pale? Simenti inaongezeka. Sako moja ya kilo 50 alikuwa anainunua dola 12 na kapita wake anatoa ndani bloke 30, basi senti 40 kwa bloke moja. Muchanga na unga wa mawe senti 12. Vijana wanaofyatua wanalipwa kwa bloke, senti 6. Maji, mafuta ya mashini na zile zinazovunjika tukaweka senti 2. Jumla senti 60. Zingine zote haziulizi umetengeneza bloke ngapi: loyi ya parseli 350, kapita 400, mazamu wawili 200, kurekebisha mashini na vitu vidogo vidogo 250, jumla dola 1 200 kila mwezi, mvua inyeshe jua liwake.

Kwa hiyo bloke moja ya 0,80 haimpe mama senti 80, inamuachia senti 20, hiyo njo marje. Hizo senti 20 kwanza zinalipa zile 1 200 za mwezi, zinazobaki njo faida. Mara 8 000 inafanya 1 600, toa 1 200, inabaki 400. Hapo mama akanyamaza kidogo juu alikuwa anajua anazungusha dola zaidi ya elfu sita kwa mwezi, hakujua yake kabisa ni mia nne.

Mu Excel niliandika hivi, kila kitu kwenye fey moja, maana tablo hii inakataa kama seli za kubadilisha ziko kwenye fey nyingine:

```
B1   0,80     bei ya bloke
B2   8000     bloke zilizouzwa kwa mwezi
B3   0,60     gharama ya bloke moja
B4   1200     gharama za mwezi
B5   =(B1-B3)*B2-B4
```

B5 inatoa 400. Halafu pembeni, mu D1 niliandika `=B5`, hiyo ni kona ya tablo na ni lazima iwe na fomula ya faida, ukiiacha tupu tablo haitakuwa na kitu cha kuhesabu. Kutoka E1 mpaka I1 nikaweka wingi: 6000, 7000, 8000, 9000, 10000. Kutoka D2 mpaka D6 nikaweka bei: 0,70 mpaka 0,90, kila mara senti tano. Nikachagua D1 mpaka I6 yote, nikaenda `Données`, halafu `Analyse scénarios`, halafu `Table de données`. Inafunguka kadirisha kadogo kanauliza vitu viwili tu. `Cellule d'entrée en ligne` inataka kujua namba zilizolala juu zinaingia wapi, zile za juu ni wingi, basi B2. `Cellule d'entrée en colonne` inauliza zile zilizosimama upande, hizo ni bei, basi B1. OK, na tablo inajaa yenyewe:

| Bei | 6 000 | 7 000 | 8 000 | 9 000 | 10 000 |
|---|---|---|---|---|---|
| 0,70 | -600 | -500 | -400 | -300 | -200 |
| 0,75 | -300 | -150 | 0 | 150 | 300 |
| 0,80 | 0 | 200 | 400 | 600 | 800 |
| 0,85 | 300 | 550 | 800 | 1 050 | 1 300 |
| 0,90 | 600 | 900 | 1 200 | 1 500 | 1 800 |

Mimi siamini tablo yoyote ya namna hii kabla ya kuifanyia kontrole mbili, na hazichukui hata dakika. Ya kwanza, ile seli ya hali ya sasa, 0,80 na 8 000, lazima itoe namba ile ile ya B5, hapa 400. Ukigeuza B1 na B2 mu lile dirisha, Excel haitalalamika hata kidogo, itachukua bloke 8 000 kama bei na senti 80 kama wingi na itakuletea pale pale zaidi ya 5 000, namba nzuri kabisa ya uongo. Ya pili, tembea kwenye mstari moja: kwa bei ya 0,80 kila bloke elfu moja zaidi lazima iongeze dola 200 kamili, juu marje ni senti 20. Shuka kwenye kolone moja: kwa bloke 8 000 kila senti tano lazima iongeze dola 400 kamili. Kama hatua hazilingani, na modeli yako ni ya kawaida kama hii, kuna kitu kimeharibika.

Na mara nyingi kilichoharibika ni hiki, nimekiona kwa watu wenye diplome zao: mtu hataki kuandika bei kwa mkono pembeni, anaandika pale katikati `=B1` na juu yake anatoa senti tano, chini anaongeza senti tano, ili tablo ifuate bei ya sasa. Inaonekana akili sana. Lakini Excel ikijaza tablo inafanya kazi kwa kuingiza kila namba ya pembeni ndani ya B1 kwa zamu, sasa kama hizo namba za pembeni zenyewe zinamtegemea B1, zinageuka wakati anazisoma, na tablo inatoa takataka isiyokuwa na alama yoyote ya kosa. Namba za pembeni uziandike kwa mkono, basi. Na kama umebadilisha gharama na tablo haitikisiki, bonyeza F9, labda kompyuta imewekwa ihesabu vyote isipokuwa tablo hizi.

Mama hana kompyuta, ana simu, na kwenye Google Sheets hiyo `Table de données` haipo. Kwa modeli fupi kama hii hakuna shida, unaandika fomula moja mu E2 halafu unaivuta kulia na chini:

```
=($D2-$B$3)*E$1-$B$4
```

Alama ya dola mbele ya D inashikilia kolone ya bei, ile mbele ya 1 inashikilia mstari wa wingi. Ukisahau moja namba zinahama, na kontrole zile mbili zitakuonyesha mara moja. Tablo ya Excel yenyewe ina maana zaidi pale modeli iko ndefu, faida inapitia seli makumi mbili kabla ya kufika, huwezi kuandika yote mu fomula moja.

Sasa turudi kwa mama na 10 000 yake. Nikaweka kidole kwenye 0,75 na 10 000: faida 300. Leo anauza 8 000 kwa 0,80 na anapata 400. Yaani vijana wafyatue bloke 2 000 zaidi, anunue masako 67 zaidi ya simenti, apakie, asimamie, halafu mwisho wa mwezi apungukiwe dola 100. Aliniambia nirudie hesabu. Nikairudia kwa kalamu mbele yake, senti 15 mara 10 000 ni 1 500, toa 1 200.

Kisha swali lililo na faida kweli likawa, nikishusha mpaka 0,75, niuze ngapi ili nisipoteze kitu? Unachukua ile marje yote ya leo, 1 600, unagawanya na marje mpya ya senti 15, unapata karibu 10 670. Ni kusema theluthi moja zaidi ya mauzo ya leo, kwa senti tano tu. Kushuka mpaka 0,70 ni 16 000, mara mbili. Upande wa juu ni kinyume: kwa 0,85 anahitaji 6 400 tu, anaweza kupoteza bakiliya hata 20 kwa 100 na bado faida ni ile ile 400. Kwa 0,90 anahitaji karibu 5 330. Hizi namba nilizipaka rangi mu tablo, kila seli yenye kuwa juu ya 400 ikawa kijani, chini yake nyekundu, na ukiangalia mpaka kati ya rangi mbili unaona umelala mshazari kutoka juu kulia mpaka chini kushoto. Kwangu mimi ule mpaka njo roho ya tablo, namba zingine zote zinausindikiza. Kila bei unayofikiria, unauliza swali moja: bakiliya wangu wataniacha upande gani wa mpaka?

Sababu ya senti tano kuwa na nguvu hivyo ni marje ndogo. Senti tano ni sehemu ndogo ya 80, lakini ni robo ya 20. Mtu anayeuza kitu chenye marje kubwa, tuseme fotokopi ao shampeni ya harusi, tablo yake itaonyesha kitu kingine, pale kushusha bei kidogo kwa kutafuta wingi kunaweza kulipa. Kwa hiyo usikopi uamuzi wa mwingine, kopi fomula.

Hapa njo mahali tablo ilitaka kutudanganya. Mama aliposhika simu yake akaona ile kona ya chini kulia, 0,90 na 10 000, faida 1 800, macho yakabaki pale. "Sasa si tuende hapa?" Nikamwambia, mama, hii seli ipo kwenye tablo lakini haipo mu Ruashi. Tablo haijui watu. Inachukua bei zote na wingi wote na kuzikutanisha kama vile havijuani, wakati kule kwenye soko bei inavuta wingi. Ukipandisha, wingi unashuka, ukishusha, unapanda kidogo. Kwa hiyo kati ya zile seli 25 mama anaweza kukaa kwenye chache tu, zile zilizo kwenye njia yake, na tablo yenyewe haikuambii njia hiyo iko wapi. Inabidi uitafute nje ya Excel.

Tuliitafuta mu kaye yake ya mauzo. Tukagawanya bakiliya wake sehemu mbili, na ninashauri kila mtu afanye hivyo kabla ya kubahatisha. Kuna wale wanaojenga kidogo kidogo, mtu anapata makuta, anakuja kuchukua bloke 100 ao 200 kwa pusupusu, anarudi mwezi ujao. Hao walikuwa kama 5 000 kwa mwezi. Na kuna wenye mashantye, wanaleta kamyo, wanachukua elfu moja na zaidi, hao walikuwa 3 000. Tukawauliza wale wa kwanza kwa nini wanakuja hapa. Wengi wakasema juu ni karibu, kumpeleka mtu wa pusupusu mbali kunakula zaidi ya senti tano kwa bloke, na juu bloke zake hazivunjiki kwenye kushusha. Wa mashantye walisema wazi kabisa, sisi tunahesabu, kule kuna 0,75, utueleze.

Kwa hiyo jirani wa 0,75 alikuwa anatishia zile 3 000, si 8 000. Na kushusha bei kwa wote ilikuwa ni kuwapa zawadi wale wadogo wa bloke 5 000 ambao hawakuomba. Dola 250 kwa mwezi zinaenda bure.

Tukajaribu kinyume: 0,85 kwa wote, mu kipwa. Kapita alikuwa na woga, nami niliona woga wake una maana juu yeye njo anaongea na watu pale kwenye mlango. Mauzo yakatulia kwenye 7 200, wadogo 4 800 na wa mashantye 2 400. Senti 25 mara 7 200 ni 1 800, toa 1 200, faida 600. Mpaka wetu kwa bei ile ulikuwa 6 400, basi tulibaki upande wa kijani na nafasi ya bloke 800 kabla ya kuanza kupoteza. Sikuangalia ile 600 zaidi ya kuangalia ile 800, juu 600 ni ya mwezi ule, lakini umbali mpaka kwenye mpaka unakuambia unaweza kuvumilia nini.

Kabla ya kuendelea, kitu kingine ambacho tablo haijui: mashini. Mama aliniomba niongeze kolone ya 12 000 ili aone ndoto yake ya mwaka kesho, na fomula yetu ikatoa 1 200 kwa bei ya 0,80. Lakini parseli ile na mashini moja inafyatua bloke 400 kwa siku, siku 25 za kazi, inafanya 10 000, hapo ni mwisho. Kupita hapo anahitaji mashini ya pili ya kukodi na mtu wa kuisimamia, dola 500 zaidi kila mwezi. Basi gharama za mwezi hazikai 1 200 milele, zinaruka ngazi. Mu B4 ya Excel nikaondoa namba nikaweka fomula, na kwenye Google Sheets hiyo SI inaingia ndani ya fomula ya E2 mahali pa $B$4, na E$1 mahali pa B2:

```
=SI(B2>10000;1700;1200)
```

Sasa 12 000 kwa 0,80 ikatoa 700. Na 10 000 kwa bei ile ile inatoa 800. Bloke elfu mbili zaidi, na faida imeshuka kwa 100. Kwa 0,85 ni 1 300 kwa 1 300, sawa sawa, anatoka jasho bure. Ukiona tablo yenye wingi unaopanda kulia na faida inapanda tu bila kusimama popote, uliza mtu aliyeitengeneza kikomo cha mashini kiko wapi, maana pa kazi hakuna kitu kisichokuwa na kikomo. Na kumbuka kuwa kwenye modeli yenye ngazi kama hii ile kontrole ya hatua sawa haitafanya kazi pale ngazi inaporuka, hiyo si kosa, ni ngazi.

Kingine cha kuangalia ni neno wingi lenyewe. Mu tablo ni bloke zilizouzwa. Kapita yeye anahesabu zilizofyatuliwa. Mwezi moja walifyatua 9 000 wakauza 8 000 kwa 0,80, yeye akasoma kwenye kolone ya 9 000 akasema tumepata 600. Faida ilikuwa 400. Na ndani ya kesi ilikuwa mbaya zaidi: mauzo yameingiza 6 400, gharama za kufyatua 9 000 zimetoa 5 400, za mwezi 1 200, yaani kesi imepungua dola 200. Zile 600 hazijapotea, zimesimama pale mu parseli kama bloke elfu moja zikimwagiliwa maji, lakini huwezi kulipa mazamu na bloke. Kwa biashara ya namna hii ambapo bloke inakaa siku kadhaa ikikomaa kabla ya kuuzwa, mimi naweka tablo ya faida na chini yake namba moja ya kesi, ili mtu asifurahie kijani wakati kesi iko tupu.

Halafu simenti. Tablo ina sura mbili tu, bei na wingi, kitu cha tatu kikigeuka tablo yote inahama bila kukuonya. Sako ikitoka 12 na kufika 13,50, bloke inapanda senti tano, gharama inakuwa 0,65. Angalia sasa: mstari wa 0,80 unachukua namba zilizokuwa za 0,75, wa 0,85 unachukua za 0,80, kila kitu kinashuka mstari moja. 8 000 kwa 0,80 inakuwa sufuri. Nilimwonyesha mama hivyo kwa kubadilisha B3 tu mbele ya macho yake, nikamwambia, hii njo sababu tukipanga bei tunaandika pembeni bei ya simenti ya siku ile, ili siku ikipanda ujue tablo ya zamani imekufa.

Franga inafanya kitu kile kile kupitia mlango mwingine. Simenti anainunua kwa hesabu ya dola, wadogo wanamlipa franga. Tuchukue taux ya 2 800: 0,80 ni franga 2 240. Akiacha 2 240 kwenye kibao na dola ikapanda mpaka 3 000, anauza bloke kwa karibu senti 75 bila kujua kuwa ameshusha bei, amehamia mstari wa juu mu tablo, ule ambao alikataa kwenda kwa akili yake mwenyewe. Kwa hiyo kibao cha franga kinaangaliwa kila juma. Dola ikishuka ni kinyume, pale 2 240 yake inakuwa na thamani zaidi kwa dola, na jirani anayeuza kwa dola anaonekana rahisi kwa mwenye franga.

Baada ya majaribio yale mama akauliza swali zuri kuliko yote: "Na kama wadogo nawawekea 0,85, wa mashantye nawaachia 0,80 wakichukua elfu moja na zaidi?" Hapo tablo moja haitoshi tena, tunafanya mbili, moja ya kila kundi, bila zile 1 200, halafu tunajumlisha na kutoa 1 200 mara moja tu. Wadogo 4 800 mara senti 25 ni 1 200. Wa mashantye walirudi kwenye 3 000, mara senti 20 ni 600. Jumla 1 800, toa 1 200, inabaki 600. Ile ile 600 ya bei moja!

Alicheka, akasema basi tumezunguka bure. Lakini hazilingani. Njia ya bei moja inafikia 600 kwa bloke 7 200, njia ya bei mbili kwa 7 800. Bloke 600 tofauti ni masako 20 ya simenti, dola 240 za kutoa mbele kila mwezi, pamoja na vijana na mashini. Ukiangalia hiyo tu, bei moja inashinda. Kwa upande mwingine wenye mashantye wanalipa kesh siku ya kamyo, na ukiwaacha waende kwa jirani mu kipwa hawarudi mwezi wa kumi na moja mvua ikianza, na mvua pa Lubumbashi inakaa mpaka mwezi wa ine hivi. Wadogo wakati wa mvua wanasimamisha kujenga, wenye mashantye wengine wanaendelea juu wana tarehe ya kumaliza.

Tukatengeneza tablo ya mvua peke yake, kwa sababu kuweka kipwa na mvua kwenye tablo moja ya wastani ni kupanga bei ya mwezi ambao haupo. Tulidhani mauzo 5 000. Kwa 0,80 ni hasara ya 200. Kwa 0,85 faida 50. Ili asipoteze wala asipate, 1 200 gawanya na 5 000, senti 24 za marje, bei 0,84. Kama wa mashantye wako ndani kwa 0,80, tuseme 2 500 yao na 2 500 za wadogo, ni 500 na 625, jumla 1 125, hasara ya 75. Bila wao kabisa, 2 500 za wadogo tu, hasara ya 575. Mama akaangalia hizo mbili za mwisho, akachagua bei mbili, akaniambia nimwandikie kapita kwenye karatasi: elfu moja na zaidi kwa mara moja, kesh, 0,80, wengine wote 0,85, na hakuna ruhusa ya kupunguza kwa mdomo. Ile hasara ya 75 tukaitafuta kwenye zile 1 200, tukaongea na mwenye parseli, akakubali kupunguza loyi kwa 100 wakati wa miezi ya mvua, ikabaki faida ya 25.